Arusha au Nairobi: Mshahara Upi Unanunua Zaidi?

Mhasibu wa Arusha anayepokea TSh 1,200,000 mkononi kila mwezi ameitiwa kazi Nairobi kwa KSh 85,000, nazo za mkononi. Anatazama kiwango cha kubadilisha fedha kwenye simu na kukuta shilingi moja ya Kenya ni kama shilingi 20 za Tanzania. Anazidisha: 85,000 mara 20 ni 1,700,000. Nyongeza ya laki tano kwa mwezi, tena kwa mwendo wa kilomita 270 tu za lami. Nani atakataa?

Hesabu hiyo si ya uongo, ila inajibu swali jingine. Kiwango cha 20 kinamwambia atapata noti ngapi akizibadilisha fedha zake pale Namanga. Hakimwambii kodi ya nyumba ya Nairobi ni kiasi gani, wala nauli ya matatu, wala kilo ya nyama. Kwa maswali hayo kuna kiwango kingine, ambacho hakitangazwi na benki yoyote kwa sababu kila kaya ina chake. Wachumi huita wazo lenyewe usawa wa uwezo wa kununua, na kwenye takwimu za kimataifa utaliona kwa herufi PPP. Maana yake ni nyepesi: ukichukua kapu lilelile la bidhaa na huduma ukalilipia katika nchi mbili, ni shilingi ngapi za huku zinazofanya kazi ya shilingi moja ya kule?

Tulijaze kapu la mhasibu wetu na tuone. Ana familia ya watu wanne, wawili kati yao wanapanda gari kwenda na kurudi siku 22 za mwezi. Bei zilizomo kwenye jedwali ni za mfano. Nimezichukua karibu na zile ambazo wanunuzi wa miji hii miwili wamezizoea miaka ya 2024 na 2025, nikazizungusha ili hesabu isikuchoshe. Unayetaka kufanya uamuzi wa kweli, zifute uweke za mtaani kwako na za mtaa unaouendea.

| Kitu, kwa mwezi | Arusha (TSh) | Nairobi (KSh) | Kiwango cha kitu |
|---|---|---|---|
| Kodi, vyumba viwili vya kulala | 300,000 | 30,000 | 10.0 |
| Unga wa mahindi, kilo 20 | 30,000 | 1,500 | 20.0 |
| Mchele, kilo 15 | 39,000 | 2,550 | 15.3 |
| Nyama ya ng'ombe, kilo 6 | 60,000 | 3,900 | 15.4 |
| Mafuta ya kupikia, lita 5 | 30,000 | 1,500 | 20.0 |
| Maziwa, pakiti 30 za nusu lita | 48,000 | 1,800 | 26.7 |
| Gesi ya kupikia, kilo 15 | 57,000 | 3,600 | 15.8 |
| Nauli, safari 88 | 52,800 | 6,160 | 8.6 |
| Jumla | 616,800 | 51,010 | 12.1 |

Safu ya mwisho ndiyo yenye habari. Nimegawa bei ya Arusha kwa bei ya Nairobi, mstari kwa mstari. Namba inayotoka ilinganishe na 20 ya benki. Ikiwa chini ya 20, kitu hicho ni nafuu Arusha. Ikiwa juu, ni nafuu Nairobi. Ikigonga 20, hakuna tofauti ya kukutoa nyumbani. Kwa mfano huu unga na mafuta ni sawasawa pande zote mbili. Maziwa ya pakiti ni nafuu Nairobi, maana Kenya ina viwanda vikubwa vya maziwa na watu wake wamezoea kununua ya pakiti, wakati Tanzania sehemu kubwa ya maziwa huuzwa bila kupita kiwandani. Vilivyobaki ni nafuu Arusha, na viwili kati yake, nyumba na nauli, ni nafuu kwa pengo kubwa.

Jumla ya kapu inatoa 12.1 (ukitaka kwa undani zaidi, 12.09). Hiyo ndiyo PPP ya kaya hii: kwa matumizi haya, shilingi ya Kenya ikiwa Nairobi inafanya kazi ya shilingi 12 za Tanzania zikiwa Arusha, ingawa benki inaiuza kwa 20. Ukiligeuza kapu la Nairobi kwa kiwango cha benki linakuwa TSh 1,020,200, dhidi ya 616,800 za Arusha. Kapu ni lilelile, lakini Nairobi limezidi kwa asilimia 65.

Kwa nini unga unakaribiana na nyumba haikaribiani

Angalia tena vitu vyenye kiwango cha 20 au karibu yake. Vyote vinapanda lori. Mafuta ya kupikia kwa kiasi kikubwa hutokana na mawese yanayoletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, yakashushwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Bei ya dunia ni moja, na tangu mwaka 2005 nchi za Afrika Mashariki zina ushuru wa pamoja wa forodha, ingawa kila serikali huomba ruhusa ya kutoufuata kwa bidhaa kadhaa. Mafuta yakipanda sana Nairobi kuliko Arusha, kuna mfanyabiashara atakayeliona pengo na kulifuata kwa gari. Akishalifuata yeye na wenzake, bei ya upande wa ghali inashuka na ya upande wa nafuu inapanda, hadi faida inapobaki ya kulipia usafiri tu. Chakula peke yake, yaani mistari mitano ya unga, mchele, nyama, mafuta na maziwa, kinatoa kiwango cha 18.4. Hakiko mbali na benki.

Mchele na nyama vimebaki nyuma kidogo, kwenye 15, na hapo ndipo unapoona gharama za mpakani. Mchele wa Tanzania unauzwa Kenya kila siku, lakini kati ya shamba na duka la Nairobi kuna dalali, gunia, lori, kibali cha afya ya mimea na muda wa kusubiri. Kuna pia hatari ya mlango kufungwa ghafla. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti ya vyeti. Mfanyabiashara aliyewahi kukwama na mzigo namna hiyo huongeza kitu kwenye bei ili kujikinga na siku nyingine ya aina hiyo. Kituo cha pamoja cha Namanga kilichozinduliwa Desemba 2018 kimepunguza foleni, lakini gharama hazijaisha.

Nyumba, kwa upande wake, haipandi lori. Ukiona vyumba viwili ni nusu bei Arusha, huwezi kuvibeba ukavipangishe Kasarani. Matatu haiwezi kuhamishwa na nauli yake, na fundi nguo wa Sakina hawezi kukupima ukiwa Donholm. Kwa vitu hivi hakuna mfanyabiashara wa kuziba pengo, kwa hiyo pengo linakaa hata miaka.

Lakini kwa nini pengo liwe upande wa Nairobi? Chukua kinyozi. Mashine yake ni ileile, kichwa ni kilekile, na dakika ishirini za Nairobi si fupi kuliko za Arusha. Hana ufundi wa ziada unaoeleza kwa nini alipwe zaidi. Ila anaishi katika jiji lenye benki kubwa, kampuni za simu, mashirika ya kimataifa na viwanda, ambako kazi nyingine zinalipa zaidi kwa sababu zinazalisha zaidi. Akilipwa kama wa Arusha ataacha mkasi akatafute kazi ya ulinzi au ghala. Mteja wake anatoka kwenye ofisi hizohizo, na mwenye fremu anampangisha kwa bei ambayo ofisi hizo zimeipandisha. Kwa hiyo kunyoa kunapanda bei bila kinyozi kuongeza kasi hata kidogo. Maelezo haya waliyatoa wachumi wawili, Bela Balassa na Paul Samuelson, mwaka 1964, kila mmoja kivyake, na mpaka leo ndiyo sababu ya kwanza inayotajwa mtu akiuliza kwa nini huduma ni ghali katika nchi au miji yenye kipato kikubwa.

Sababu nyingine haina uhusiano na bei za dukani kabisa. Fedha yenyewe huyumba. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu KSh 160, watu wakiwa na wasiwasi kama Kenya italipa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Februari serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kuanza kuinunua ile ya zamani. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi kama KSh 131. Kwa kipindi hichohicho shilingi ya Tanzania haikusogea sana dhidi ya dola. Matokeo yake, shilingi ya Kenya ikatoka chini kidogo ya TSh 16 ikapanda hadi zaidi ya TSh 19 ndani ya wiki kama nane. Mwenye nyumba wa Nairobi hakubadilisha kodi, na kondakta hakugusa nauli. Hata hivyo, kwa Mtanzania aliyekuja na fedha zake kutoka Arusha, jiji zima lilipanda bei kwa zaidi ya asilimia 20.

Gustav Cassel, mchumi wa Sweden aliyelipa wazo hili jina lake mwaka 1918, alitarajia kwamba kiwango cha benki na kiwango cha kapu vingevutana mpaka vikaribiane. Kwa unga na mafuta alikuwa na hoja. Kwa kodi ya nyumba, hata miaka mia moja baadaye, mvuto huo ni dhaifu.

Laki tano zimekwenda wapi?

Turudi kwa mhasibu. Tukiubadilisha mshahara wa Nairobi kwa kiwango cha kapu lake, 85,000 mara 12.09 ni TSh 1,027,650. Hiyo ni chini ya 1,200,000 anazopata sasa. Nyongeza ya laki tano imegeuka kuwa upungufu wa laki moja na sabini. Watu wengi waliosoma kidogo kuhusu PPP huishia hapa, wakamshauri abaki.

Nao wanakosea, kwa sababu wamefanya kana kwamba atautumia mshahara wote Nairobi. Mshahara una sehemu mbili. Ile inayoliwa mahali ulipo inapimwa kwa kiwango cha kapu. Ile inayovuka mpaka, ya kujenga nyumbani, kulipia ada ya mdogo wako au kuweka akiba kwa shilingi ya nyumbani, inapimwa kwa kiwango cha benki, kwa kuwa hiyo kweli itapita dukani kwa mbadilisha fedha. Ukitumia kiwango kimoja kwa zote mbili, lazima ukosee upande mmoja.

Tuzitenganishe. Arusha, kapu likitoka, anabaki na 1,200,000 kutoa 616,800, yaani TSh 583,200. Nairobi, kapu lilelile likitoka, anabaki na 85,000 kutoa 51,010, yaani KSh 33,990. Kama masalio hayo anayatuma Arusha kujengea, yanakuwa TSh 679,800 kwa kiwango cha 20. Ameishi maisha yaleyale na amepata TSh 96,600 zaidi kila mwezi, kabla ya kutoa ada ya kutuma fedha. Kama masalio anayatumia hukohuko Nairobi kwa bei za mtindo wa kapu lake, yanafanya kazi ya kama TSh 411,000 za Arusha, na hapo amepoteza TSh 172,000.

Kazi ni moja na mshahara ni mmoja, lakini majibu ni matatu: faida ya 500,000 kwa mwenye kutazama benki tu, hasara ya 172,000 kwa anayetumia kila kitu kule, na faida ya 96,600 kwa anayekusudia kurudisha masalio nyumbani. Jibu la kwanza ndilo lisilomhusu mtu yeyote anayekula na kulala.

Hesabu hiyohiyo inatoa namba ya kulinda. Gawa masalio ya Arusha kwa masalio ya Nairobi: 583,200 kwa 33,990 ni 17.2. Maana yake, kwa mtumaji wa fedha nyumbani, kazi ya Nairobi ina faida muda wote ambao shilingi ya Kenya inauzwa juu ya TSh 17.2. Ikishuka chini ya hapo faida imekwisha. Januari 2024 ilikuwa chini ya 16, na kwa kiwango cha 16 masalio yake yangekuwa TSh 543,840, pungufu ya ya Arusha. Kwa hiyo anayesaini mkataba wa miaka miwili asaini akijua kuwa mstari huo ulishawahi kuvukwa.

Kapu la nani?

Kapu letu lina kasoro moja ya kusahihisha. Limejazwa kwa vipimo vya Arusha. Mtu akihamia Nairobi hataendelea kula kilo 15 za mchele na kupanda gari mara 88 kana kwamba bei hazijabadilika. Atapunguza kilicho ghali na kuongeza kilicho nafuu: ugali na sukuma wiki zaidi, maziwa zaidi, mchele wa Jumapili, nyumba ya chumba kimoja cha kulala karibu na kazi ili mmoja wao atembee kwa miguu.

Tujaze kapu hilo la pili. Chumba kimoja, Arusha 200,000 na Nairobi 20,000. Unga kilo 30, mchele kilo 6, nyama kilo 4, mafuta na gesi vilevile, maziwa pakiti 60, safari 44. Kwa bei zilezile linagharimu TSh 510,000 Arusha na KSh 37,650 Nairobi. Kiwango chake ni 13.5, si 12.1. Nairobi imeonekana nafuu kidogo kwa sababu tumenunua kama wanavyonunua wenyeji.

Lipi ni sahihi? Kapu la kwanza linaikuza gharama ya kuhama, kwa kuwa linamlazimisha mtu asibadilike. La pili linaipunguza, kwa kuwa linajifanya kwamba kuhama kutoka vyumba viwili hadi kimoja si kitu, wakati watoto wawili sasa wanalala sebuleni. Watakwimu wanaolinganisha nchi hukutana na tatizo hilihili na dawa yao ya kawaida ni wastani maalumu: zidisha viwango viwili kisha tafuta kipeo cha pili. 12.09 mara 13.55, kisha kipeo chake cha pili, ni 12.8. Kwa kaya inayoweza kubadilika kiasi, hiyo ni namba ya haki kuliko zote mbili.

Hapa pia ndipo unapoona kwa nini takwimu za PPP za Benki ya Dunia hazitamaliza ubishi wa mhasibu wetu. Mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei ulitoa matokeo yake ya kwanza kwa nchi kumi, bei zikiwa za mwaka 1970, na Kenya ilikuwa mojawapo ya hizo kumi. Mzunguko wa 2021, ambao matokeo yake yalitolewa Mei 2024, ulijumuisha nchi na maeneo 176. Ni kazi nzito na ina matumizi yake. Inaeleza, kwa mfano, kwa nini kipato cha wastani cha Mkenya au Mtanzania kikipimwa kwa PPP ni zaidi ya mara mbili ya kile kinachopimwa kwa dola ya benki: nyumba, nauli na kazi za mikono hapa ni rahisi mno kuliko Marekani. Lakini kapu lake ni la taifa zima. Ndani yake kuna Turkana na Nairobi, Simiyu na Arusha, majengo ya serikali, mishahara ya walimu, mitambo. Halijui kwamba wewe una watoto wawili na huli nyama ya nguruwe. Litumie kulinganisha uchumi wa nchi na nchi. Kwa mkataba wa kazi, jaza lako.

Pa kuangalia unapokusanya bei

Makosa mengi huingia kabla ya kugawa, wakati wa kuandika bei. Mtungi wa gesi ni mfano mzuri. Tanzania mtungi wa nyumbani wa kawaida baada ya ule wa kilo 6 ni wa kilo 15. Kenya ni wa kilo 13. Ukilinganisha mtungi na mtungi, umeipa Nairobi unafuu wa kilo mbili usiokuwepo. Ndiyo maana jedwali limeandika kilo 15 pande zote mbili, bei ya Nairobi ikiwa imepatikana kwa kilo moja kisha kuzidishwa. Nafaka za sokoni nazo hupimwa kwa kopo, sado huku na gorogoro kule, na makopo hayo si ya ujazo mmoja. Beba mizani au nunua penye mizani.

Ubora nao usawazishwe. Mchele wa Kyela na pishori ya Mwea hulinganishwa wenyewe kwa wenyewe, na mchele wa kawaida na wa kawaida. Unga uliokobolewa usiuweke kando ya dona. Kwa nyumba, uliza kama maji, ulinzi na uzoaji taka vimo ndani ya kodi, kwani tofauti ya hapo inaweza kuvuruga mstari mkubwa kuliko yote kwenye kapu.

Nauli ya Nairobi ichukue kwa saa unayosafiri. Matatu ya saa nne asubuhi na ile ya saa kumi na mbili jioni ya mvua hazitozi sawa. Daladala ya Arusha ina nauli iliyopangwa, kwa hiyo siku moja inatosha kukupa jibu, lakini matatu inahitaji wiki.

Kisha kuna namna ya kulipa, ambayo jedwali haliionyeshi. Mwenye nyumba wa Arusha mara nyingi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani TSh 1,800,000 kwa nyumba ya mfano wetu. Wa Nairobi kwa kawaida huchukua kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja, hivyo unaingia kwa KSh 60,000, kama TSh 1,200,000. Mji wenye nyumba ghali unaweza kuwa ndio rahisi kuuanza.

Mwisho, mishahara ilinganishwe baada ya makato. Mwajiriwa wa Kenya anakatwa kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba. Wa Tanzania katika sekta binafsi anakatwa kodi na kwa kawaida asilimia 10 ya hifadhi ya jamii. Ukiweka mshahara ghafi wa mmoja kando ya wa mkononi wa mwingine, hakuna kapu litakalokuokoa.

Cha kudai mezani

Mwenye jedwali kama hili hujadiliana vizuri kuliko mwenye kiwango cha benki tu. Tafuta mistari yenye kiwango kidogo kuliko vyote, kwa kuwa ndiyo inayokula mshahara wako wa Nairobi. Kwa mhasibu wetu ni nauli na nyumba. Hapaswi kuomba asilimia kadhaa za nyongeza. Aombe nyumba au gari la wafanyakazi. Mwajiri akibeba kodi peke yake, kapu la Nairobi linashuka hadi KSh 21,010, masalio yanakuwa KSh 63,990, na hata shilingi ya Kenya ikirudi kwenye 16, hizo ni zaidi ya TSh 1,020,000 za kutuma nyumbani. Mwajiri asipokubali, basi kiwango cha chini cha mshahara kinapatikana kwa hatua mbili: masalio ya Arusha gawa kwa 20, kisha ongeza kapu la Nairobi. Ni KSh 29,160 na 51,010, jumla KSh 80,170. Hapo ndipo anaposawazisha tu, na kila kilicho juu ya hapo ndiyo malipo ya usumbufu wa kuhama.

Kwa anayeishi Arusha na kwenda Namanga kununua tu, kanuni ni ileile ikiwa imegeuzwa. Chenye kiwango cha juu ya 20, kama maziwa ya pakiti kwenye jedwali letu, ndicho cha kununua upande wa Kenya. Unga na mafuta usimbebeshe kondakta. Kabla ya kuondoka nyumbani gawa tena kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa TSh 16 unga na mafuta ya Kenya vingekuwa nafuu kwa asilimia 20, na safari ambayo leo haina maana ingeweza kulipa nauli yake.